KODI ILIYOAHIRISHWA SI KODI ILIYOSAMEHEWA
Mpangaji abaki na deni gani siku mambo yakitengemaa?

Yako maneno mawili ambayo wapangaji wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja. La kwanza ni kuahirisha kodi ya nyumba, na la pili ni kuisamehe. Siku mshahara umekatika na mwenye nyumba amekubali kutodai, maneno haya hufanana kabisa, kwa sababu mwezi huo hakuna fedha inayotoka mfukoni. Tofauti yake haionekani mpaka kazi inaporudi. Hapo ndipo mmoja huendelea kulipa kodi yake ya kawaida, na mwenzake wa chumba cha pili huletewa hesabu ya miezi minne.

Tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa sababu miaka ya korona ilituachia madeni ya namna hii, na kwa sababu kila kazi inaposimama, iwe kwa ugonjwa, kwa mgomo au kwa kiwanda kufungwa, mazungumzo yale yale hurudi mlangoni kwa mwenye nyumba.

AMRI YA KUTOFUKUZA SI MSAMAHA

Tuanze na hapa Uganda.  Sisi tunasimulia Machi 2020, shughuli zilipofungwa nchi nzima. Rais Yoweri Museveni aliwataka wenye nyumba wasiwafukuze wapangaji walioshindwa kulipa. Majengo makubwa ya maduka katikati ya Kampala yalifungwa, na hayakufunguliwa mpaka mwishoni mwa Julai mwaka huo. Yalipofunguliwa, ugomvi ulizuka papo hapo. Wafanya biashara walisema miezi ile ya kufungwa isihesabiwe kabisa, maana hawakuuza hata uzi. Wenye majengo wengi walisema mali ya mpangaji ilikuwa imekaa ndani wakati wote, kwa hiyo kodi ilikuwa ikitembea.

Pande zote mbili zilikuwa zimeisikia amri ile ile. Lakini amri ya kutomfukuza mtu inasema jambo moja tu: abaki ndani. Haisemi kwamba hadaiwi. Wamarekani nao walilipata somo hilo. Amri ya serikali yao ya kuzuia kufukuza wapangaji, iliyoanza tarehe 4 Septemba 2020 na kuzuiwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo tarehe 26 Agosti 2021, iliandikwa wazi ndani yake kwamba haimwondolei mpangaji wajibu wa kulipa kodi. Waliodhani wamesamehewa waliamka siku hiyo wakiwa na deni la miezi mingi.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo mpangaji hana budi kujiuliza si "Je, nitafukuzwa?" bali ni hili: "Siku nitakapoanza kulipa tena, daftari la mwenye nyumba litaonyesha nadaiwa kiasi gani?" Likionyesha sifuri, umesamehewa. Likionyesha kiasi chochote, umeahirishiwa.

HESABU YENYEWE

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa hoteli anayepanga vyumba viwili kwa shilingi 240,000 kwa mwezi, na mshahara wake ni shilingi 600,000. Hoteli imefungwa miezi minne, mshahara hakuna. Kodi ya miezi minne ni shilingi 960,000. Kazi ikirudi, mambo yanaweza kwenda kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuahirisha. Deni lote la shilingi 960,000 liko palepale. Kilichobadilika ni tarehe ya kulilipa tu. Wakikubaliana alilipe kwa miezi 12, atalipa shilingi 80,000 kila mwezi juu ya kodi ya kawaida, yaani shilingi 320,000. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mshahara wake. Wakikubaliana miezi 24, nyongeza ni shilingi 40,000, na malipo ya mwezi ni shilingi 280,000. Muda mrefu humpunguzia uzito wa kila mwezi, lakini haupunguzi deni hata senti moja.

Njia ya pili ni kusamehe. Mwenye nyumba anaifuta ile miezi minne. Mfanyakazi anaanza tena na shilingi 240,000 kama zamani, wala hakuna kinachomfuata nyuma.

Njia ya tatu ni kuchanganya. Nusu inasamehewa, nusu inaahirishwa. Deni linabaki shilingi 480,000. Likigawanywa kwa miezi 24, nyongeza ni shilingi 20,000, na malipo ya mwezi ni shilingi 260,000. Mwenye nyumba amepoteza kitu, na mpangaji pia amebeba kitu.

Tazama pia mambo yatakavyokuwa siku ya kuhama. Aliyesamehewa akihama baada ya mwaka mmoja anaondoka na amana yake, kama hakuvunja kitu. Aliyeahirishiwa kwa miezi 24 akihama katikati ya safari bado ana nusu ya deni, yaani shilingi 480,000, na jambo la kwanza atakalofanya mwenye nyumba ni kuizuia amana. Ikiwa amana ni ya mwezi mmoja, basi haitoshi, na deni litamfuata mpangaji mpaka nyumba mpya. Kuhama hakufuti deni lililoahirishwa.

Na hapo tuonye juu ya hila moja ndogo. Wako wenye nyumba wanaosema, "Usilipe mwezi huu, tutakata kwenye amana." Huo unaonekana kuwa msaada, lakini aghalabu mpangaji hutakiwa kuijaza upya ile amana baadaye. Ikiwa hivyo, hilo ni deni lililoahirishwa kwa jina lingine.

FEDHA YA MWEZI HUU YAENDA WAPI?

Jambo ambalo limewaumiza wapangaji wengi kimya kimya ni namna malipo yanavyoandikwa. Tumrudie yule mfanyakazi wa hoteli. Mwezi wa Agosti amerudi kazini, na analipa shilingi 240,000 akiamini kwamba amelipa kodi ya Agosti. Mwenye nyumba anaipokea na kuiandika kuwa ni kodi ya Aprili, kwa sababu Aprili ndiyo ya zamani zaidi. Septemba analipa tena, inaandikwa Mei. Mwaka mzima anaweza kulipa kila mwezi bila kukosa, na bado daftari likaonyesha kwamba yuko nyuma kwa miezi minne. Mwenye nyumba akitaka kumtoa, anayo hoja mkononi: huyu hulipa kwa kuchelewa daima.

Sheria ya madeni katika nchi zetu zilizorithi sheria ya Kiingereza ina mpango wake juu ya jambo hili. Anayelipa ndiye mwenye haki ya kwanza ya kusema fedha hii ni ya deni lipi, na ni lazima aseme wakati anapolipa. Akinyamaza, haki hiyo inamwendea anayepokea. Wote wawili wakinyamaza, malipo huhesabiwa kuanzia deni la zamani zaidi. Kwa hiyo neno moja kwenye risiti lina nguvu kuliko ugomvi wa saa nzima baadaye. Ukilipa kwa mkono, risiti iandikwe "kodi ya Agosti". Ukilipa kwa simu, andika mwezi huo katika ujumbe wa malipo, au tuma ujumbe mfupi siku hiyo hiyo, na usiufute. Fedha ya kupunguza deni la zamani ilipwe peke yake na iandikiwe risiti yake.

Mtu anaweza kujua mapema kwamba mambo yanakwenda kombo. Ukiona risiti haina jina la mwezi, au ukiona mwezi ulioandikwa si ule ulioulipia, usingoje. Huo ndio wakati wa kusema, kwa upole na kwa maandishi.

MSAMAHA WA MDOMO

Sasa tuje kwenye lile linalotokea mara nyingi zaidi. Mwenye nyumba ni mtu mwema. Anamwambia mpangaji, "Usiwe na wasiwasi mwanangu, mambo yakitulia tutaongea." Mpangaji anarudi ndani na kumwambia mkewe kwamba Mzee amewasamehe. Mzee naye anamwambia mkewe kwamba vijana wale watalipa baadaye. Hakuna aliyesema uongo. Maneno "tutaongea" hayakuahirisha wala hayakusamehe. Yaliacha deni lilivyokuwa, bila tarehe wala kiasi.

Hata maneno yakiwa wazi zaidi, bado kuna shida. Sheria ya Kiingereza ina kanuni ya zamani, iliyothibitishwa na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1884, kwamba ahadi ya kupokea kidogo badala ya kingi, bila mwenye deni kutoa kitu kingine chochote, haimfungi mdai. Anaweza kupokea kidogo leo na kudai baki kesho. Kenya inafuata sheria ya mikataba ya Kiingereza kwa amri ya sheria yake yenyewe. Tanzania ilichukua njia nyingine: sheria yake ya mikataba ya mwaka 1961, ambayo mizizi yake ni sheria ya India, inamruhusu mdai kusamehe deni lote au sehemu yake, au kumwongezea mdaiwa muda. Lakini popote pale, anayedai kwamba alisamehewa ndiye atakayeulizwa ushahidi.

Iko kesi moja ya Kiingereza ambayo kila mwanasheria wa Afrika Mashariki huisoma, nayo inahusu kodi hasa. Mwaka 1937 kampuni moja ya London, Central London Property Trust, ilikodisha jengo zima la vyumba kwa kampuni ya High Trees House kwa pauni 2,500 kwa mwaka. Waliochukua jengo walitegemea kupangisha vyumba vyake kwa watu. Vita vikaja, watu wakahama mji, vyumba vikabaki vitupu. Januari 1940 wenye jengo waliandika kwamba kodi itapunguzwa iwe pauni 1,250, yaani nusu. Ikalipwa nusu hiyo miaka yote ya vita. Mwanzoni mwa mwaka 1945 vyumba vyote vilikuwa vimejaa tena. Mwaka huo huo wenye jengo wakadai kodi kamili irudi, na wakataja pia baki la miaka iliyopita, pauni 7,916. Ili kujua haki yao wakafungua kesi juu ya robo mbili za mwisho za mwaka 1945 tu.

Jaji Denning alikata hukumu kwamba kodi kamili ilipwe kwa robo hizo mbili. Punguzo lilitolewa kwa ajili ya shida ya vita. Shida ilipokwisha, na punguzo likaisha. Lakini akasema pia kwamba lile baki la miaka ya vita lisingeweza kudaiwa. Wenye jengo walitoa ahadi, wakakusudia itegemewe, na mpangaji akaitegemea. Haikuwa haki kugeuka nyuma na kuivunja. Jambo hilo la pili halikuwa ndilo lililoshtakiwa siku ile, lakini mahakama za baadaye zililikubali, na leo ni kanuni inayojulikana. Wanasheria huiita ngao, wala si upanga, kwa maana kwamba humkinga mpangaji anaposhtakiwa.

Tujifunze mambo mawili hapo. La kwanza, punguzo linalotolewa kwa sababu ya shida hukoma shida inapokoma. Mpangaji asidhani kwamba kodi iliyoshushwa wakati wa korona imeshushwa milele. La pili, sehemu iliyosamehewa kwa miezi iliyopita haifufuki, mradi ahadi ilikuwa wazi. Katika kesi ile iliandikwa. Lau mwenye jengo angesema tu "tutaongea", jaji asingekuwa na ahadi ya kushika. Na kunyamaza kwa mwenye nyumba, hata kwa miaka miwili, peke yake si ahadi.

Tena ahadi ya mdomo ina adui mwingine ambaye hatajwi katika vitabu. Mwenye nyumba anafariki, na warithi wanakuja na daftari lake. Au nyumba inauzwa, na mwenyeji mpya anakabidhiwa orodha ya wanaodaiwa. Hao hawakuwako mlangoni siku ile, na wema wa marehemu hawaujui. Wanaloliona ni miezi minne isiyo na alama.

MSAMAHA WENYE MASHARTI

Kuna karatasi nyingine zinazoandikwa "msamaha" juu, na chini yake kuna sharti. Mathalani: "Kodi ya miezi mitatu imesamehewa, mradi mpangaji alipe kwa wakati mpaka mwisho wa mwaka. Akichelewa mara moja, miezi yote mitatu italipwa mara moja." Karatasi kama hiyo haijamsamehe mtu bado. Ni deni lililoahirishwa, ambalo litageuka kuwa msamaha mwisho wa mwaka ikiwa kila kitu kitakwenda sawa. Mfanyakazi ambaye mshahara wake hufika tarehe 5, na kodi yake hutakiwa tarehe 1, amekwisha kushindwa kabla ya kuanza.

Hatusemi karatasi hiyo ikataliwe. Tunasema sharti lisomwe, na tarehe ya kodi ilinganishwe na tarehe ya mshahara kabla ya kutia sahihi. Vilevile kwenye makubaliano ya kuahirisha, tazama kama kuna maneno kwamba ukikosa fungu moja, deni lote litadaiwa siku hiyo. Maneno hayo huondoa faida yote ya mafungu. Omba angalau siku 14 za kurekebisha kabla hayajatumika.

FAIDA YA KUAHIRISHA

Msomaji asidhani kwamba kuahirisha ni bure tu. Kukiandikwa vizuri kuna kinga yake. Fedha iliyoahirishwa mpaka tarehe fulani haijafikia muda wake kabla ya tarehe hiyo, na deni ambalo halijafikia muda haliwezi kushtakiwa. Nchini Kenya, kwa mfano, iko sheria ya tangu zamani inayomruhusu mwenye nyumba, kwa kufuata utaratibu, kukamata vyombo vya mpangaji kwa kodi iliyolimbikizwa. Mpangaji mwenye karatasi ya kuahirisha anaweza kumwonyesha dalali kwamba kodi hii haijafika siku yake. Mpangaji mwenye "tutaongea" hana cha kuonyesha.

Lakini kuna bei yake. Kutia sahihi kwenye karatasi ya kuahirisha ni kukiri deni. Kwa kawaida, katika Kenya na Uganda, mdai wa kodi ana miaka 6 ya kushtaki tangu kodi ilipostahili kulipwa. Anayekiri deni kwa maandishi na sahihi anaifanya saa hiyo ianze kuhesabu upya. Kwa sababu hiyo kiasi kihakikishwe kwanza. Leta risiti zako zote, zilinganishwe na daftari mwezi kwa mwezi, ndipo uandike jumla. Usikubali jumla ya kukisia, kwa sababu ukiisha kutia sahihi hiyo ndiyo itakayoaminiwa.

MFANO WA WAAUSTRALIA

Kati ya nchi zilizojaribu kuyatenganisha maneno haya mawili kwa kanuni, Australia ilifanya wazi zaidi. Aprili 2020 viongozi wa serikali kuu na wa majimbo walitoa kanuni kwa ajili ya wapangaji wa maduka na ofisi, si wa nyumba za kuishi. Iliwahusu wafanya biashara wadogo na wa kati waliopoteza sehemu kubwa ya mauzo. Kodi ilipunguzwa kwa kadiri mauzo yalivyoshuka. Angalau nusu ya punguzo hilo ilikuwa ni kusamehewa moja kwa moja. Nusu iliyobaki iliahirishwa, ilipwe kidogo kidogo kwa muda uliobaki wa mkataba au kwa miezi 24, ule ulio mrefu zaidi. Mwenye jengo hakuruhusiwa kutoza riba wala faini juu ya fedha iliyoahirishwa.

Tuone ilivyofanya kazi. Duka linalipa kodi ya dola 1,000 kwa mwezi. Mauzo yameshuka kwa asilimia 60. Basi punguzo ni dola 600. Mwezi huo mpangaji analipa dola 400. Katika zile 600, dola 300 zimefutwa, na dola 300 zimewekwa pembeni zilipwe baadaye. Miezi sita ikipita hivyo, deni la mpangaji ni dola 1,800, si 3,600. Likigawanywa kwa miezi 24 ni dola 75 kwa mwezi.

Kanuni hizo zilikuwa za muda, nazo zimekwisha kazi yake. Lakini mpango wake waweza kuazimwa na yeyote anayekaa mezani na mwenye nyumba. Una maswali matatu tu: Punguzo ni kiasi gani? Katika hilo, kipi kimekufa na kipi kimeahirishwa? Kilichoahirishwa kitalipwa kwa miezi mingapi, na kuna riba au hakuna? Mazungumzo yakiacha swali moja bila jibu, makubaliano hayajakamilika.

KARATASI YENYEWE

Sheria ya Uganda ya mwaka 2022 juu ya wenye nyumba na wapangaji inataka mkataba wa upangaji uandikwe ikiwa thamani yake ni shilingi 500,000 au zaidi. Maana yake ni kwamba wapangaji wa vyumba vya kodi ndogo, ambao ndio wengi katika wafanyakazi wetu, ndio wanaoweza kukaa bila karatasi yoyote. Sheria kutokulazimisha karatasi si sababu ya kukaa bila karatasi. Ukurasa mmoja wa daftari la shule unatosha.

Kwa msamaha, andikeni hivi: "Mimi, mwenye nyumba, nimesamehe kodi ya Aprili, Mei, Juni na Julai, jumla shilingi 960,000. Fedha hizi sitazidai tena wakati wowote, wala mrithi wangu hatazidai. Kodi ya kawaida, shilingi 240,000, itaanza tena tarehe 1 Agosti." Miezi itajwe kwa majina yake, na kiasi kitajwe. Neno linalobeba mzigo wote ni "sitazidai tena".

Ukitaka karatasi iwe na nguvu zaidi mahali ambapo kanuni ile ya 1884 inafuatwa, mpangaji naye atoe kitu, hata kidogo: kupaka rangi vyumba, au kuahidi kutohama kwa mwaka mmoja. Hapo msamaha unakuwa ni mapatano ya kupeana, si ahadi tupu.

Kwa kuahirisha, andikeni: "Kodi ya Aprili hadi Julai, jumla shilingi 960,000, italipwa kwa mafungu 24 ya shilingi 40,000, kuanzia tarehe 1 Agosti. Hakuna riba. Malipo ya kodi ya kila mwezi yatahesabiwa kuwa ya mwezi huo. Mpangaji akihama, baki litalipwa kwa mafungu yale yale." Sentensi hiyo ya mwisho husahauliwa na wengi, na bila hiyo baki lote laweza kudaiwa siku ya kufunga mizigo.

Ikiwa ni kuchanganya, ziwe aya mbili mbali mbali: moja ya kilichosamehewa, nyingine ya kilichoahirishwa, kila moja na kiasi chake. Wote wawili watie sahihi, shahidi mmoja kila upande, nakala mbili. Kama mwenye nyumba hapendi kuandika, mtumie ujumbe wa simu kwa adabu: "Shikamoo Mzee. Nashukuru kwa kunisamehe kodi ya Aprili hadi Julai. Nitaanza kulipa kama kawaida tarehe 1 Agosti." Akijibu "Sawa", umepata ushahidi. Akijibu "Hapana, sikusamehe, nimekungoja tu", umejua mapema kwamba una deni la kuahirishwa, na unaweza kuomba mafungu ungali na muda.

Matawi yetu yanapozungumza na waajiri wanaowapangisha wafanyakazi nyumba za kampuni, jambo hili litazamwe kwa makini zaidi, kwa kuwa mwenye nyumba huyo anakata kodi kabla mshahara haujafika mkononi. Barua ikisema tu kwamba kodi "imesimamishwa" wakati kazi imesimama, katibu wa tawi aulize siku hiyo hiyo kama imesimamishwa kulipwa au imesimamishwa kuhesabiwa. Jibu liandikwe, na nakala ibandikwe ubaoni, kila mfanyakazi ajue atakatwa kiasi gani mwezi wa kwanza wa kurudi kazini.